LPIC-1 au RHCSA: mwajiri anasoma nini kwenye kila cheti

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka miwili kwenye dawati la msaada na nataka kuhamia kwenye usimamizi wa seva za Linux. Mwaka huu naweza kulipia cheti kimoja tu. LPIC-1, cheti cha shirika la LPI, ni ya kuchagua majibu; RHCSA, cheti cha kampuni ya Red Hat, unafanya kwa vitendo kwenye mashine. Wenzangu wanasema cheti cha kuchagua majibu mwajiri hakihesabu kabisa. Ni kweli? Kila kimoja kinamwambia nini anayeajiri?

Jibu: Wenzako wamesema kweli, kisha wakaitia chumvi. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili kwa miaka kadhaa, nikitafuta watu wa kushika seva, na vyeti vyote viwili nimevisoma kwenye wasifu nyingi. Ninachokitafuta kwenye kimoja sicho ninachokitafuta kwenye kingine. Tuchukue kazi moja ndogo tuione inavyopimwa kila upande, halafu tofauti utaiona mwenyewe.

Kazi ni hii: kwenye mashine ya Red Hat, huduma ya tovuti `httpd` isikilize poti 8404 badala ya 80, ifikike kutoka mashine nyingine, na iendelee kufanya kazi mashine ikizimwa na kuwashwa upya. SELinux, mlinzi wa ndani wa Linux anayeamua programu ipi iguse nini, ibaki imewashwa.

Kwenye mtihani wa kuchagua, kazi hii hukatwa vipande. Swali moja litauliza ni amri ipi inayoifanya huduma ianze yenyewe mashine inapowaka, nawe uchague kati ya `start`, `enable`, `reload` na `status`. Jingine litauliza ni faili gani lenye mstari wa `Listen`. Jingine litataka ujue SELinux ikiwa katika hali ya `enforcing` inafanya nini. Kila swali linakuja na mlango wake umeshafunguliwa: tayari umeambiwa kwamba suala ni SELinux, au ni kuanza kwa huduma. Kazi yako ni kulitambua jibu ukiliona.

Kwenye maabara, yaani mtihani wa vitendo, hakuna anayekutajia SELinux. Unabadilisha mstari wa `Listen`, unawasha huduma, na inakataa. Ukitazama kumbukumbu kwa `journalctl -xeu httpd` unakuta hivi:

```
(13)Permission denied: AH00072: make_sock: could not bind to address [::]:8404
```

Hapa ndipo watu hutengana. Anayeona "Permission denied" akakimbilia `chmod` amepotea njia, maana ruhusa za faili hazihusiki. Wewe ni root na huduma imeanzishwa na root, kwa hiyo ukinyimwa poti iliyo juu ya 1024 lazima kuna mlinzi mwingine. Aliyewahi kukwama hapa anajua kuangalia `ausearch -m avc -ts recent`, na huko atakuta neno `name_bind` limekataliwa. Kisha anauliza mfumo wenyewe ni poti zipi zinazoruhusiwa kwa huduma za tovuti, na 8404 haimo. Dawa yote ni mistari michache:

```
semanage port -a -t http_port_t -p tcp 8404
firewall-cmd --permanent --add-port=8404/tcp
firewall-cmd --reload
systemctl enable --now httpd
```

Jina `http_port_t` huna haja ya kulikariri. `semanage port -l | grep http` inakuonyesha, na `man semanage-port` ina mfano mwishoni. Kurasa za `man` unazo ndani ya chumba cha mtihani wa RHCSA, ingawa intaneti huna. CKA, ule mtihani wa Kubernetes wa saa 2 wenye kiwango cha kufaulu cha asilimia 66, unakwenda mbali zaidi: unaruhusiwa kufungua nyaraka rasmi za Kubernetes wakati unafanya. Kwa hiyo anayedhani maabara hupima kumbukumbu kali ameielewa kinyume. Inapima kama unaweza kutoka kwenye dalili hadi kwenye chanzo, saa ikiwa inakimbia.

Kisha kuna kuwasha upya, na hili ndilo jambo ninalolithamini kuliko yote katika mtihani ule. EX200, ambao ndio mtihani wa RHCSA, husahihishwa kwa kuangalia hali ya mashine baada ya kuwashwa upya. Hakuna anayetazama ulivyoandika amri zako wala kukupa maksi za jitihada. Sasa rudi kwenye kazi yetu uhesabu njia za kupotea hapo. Ukiandika `systemctl start` bila `enable`, tovuti inafanya kazi mbele ya macho yako, na baada ya kuwasha upya haipo. Ukifungua poti kwenye ukuta wa moto bila `--permanent`, inafunguka papo hapo na kufungika mashine ikizimwa. Ukiishusha SELinux kwa `setenforce 0`, kila kitu kinapita, halafu mashine inarudi ikiwa `enforcing` na huduma inagoma. Makosa yote matatu yana tabia moja: ukijipima mara tu baada ya kumaliza, utaona umefaulu.

Hayo ndiyo makosa yanayoamsha watu usiku wa manane. Mtu anarekebisha seva mwezi wa tatu, mwezi wa saba seva inasasishwa na kuwashwa upya, na huduma haiinuki. Nikiona RHCSA kwenye wasifu, ninachosoma kwanza ni kwamba huyu ameshalazimishwa angalau mara moja kufikiria mashine itakavyokuwa yeye akiwa hayupo. Mtihani wa kuchagua unaweza kukuuliza juu ya `enable`, juu ya `--permanent`, juu ya `setenforce`, na ukapata yote matatu, kisha kazini ukasahau mojawapo kwa sababu hakuna aliyekukumbusha kwamba sasa ni zamu yake.

Kuhusu kubahatisha, hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukulia maswali 60 yenye majibu manne manne, nawe unajua kwa hakika 30 tu. Yale 30 yaliyobaki ukiyakisia kwa upofu, utapata kama 7 au 8. Lakini mtu mwenye uzoefu kidogo hakisii kwa upofu, anatupa majibu mawili yasiyo na mashiko na kuchagua kati ya mawili. Hapo anapata kama 15, jumla 45 kati ya 60, yaani asilimia 75, ilhali anajua nusu tu. LPIC-1 hupunguza hili kwa kuweka maswali ambayo unaandika jibu mwenyewe bila machaguo, na alama zake hutolewa kwa kipimo cha 200 hadi 800, kiwango cha kufaulu kikiwa 500, kwa hiyo usizichukue asilimia zangu kama zilivyo. Ila mwelekeo ndio huo. Ongeza na tatizo la maswali yaliyovuja: swali la kuchagua likishapigwa picha na kuuzwa, jibu lake ni herufi moja, na herufi inakaririwa na yeyote.

Hata hivyo, sikubali kwamba cheti cha kuchagua hakina maana. Nikupe kisa.

Tulikuwa na nafasi moja na watu wawili wamebaki. Mmoja alikuwa na cheti cha vitendo, mwingine cha kuchagua majibu. Niliwapa mashine yenye tatizo linalofanana na lile la poti hapo juu. Yule wa vitendo alilimaliza kwa utulivu, akaomba ruhusa ya kuwasha upya ili ahakikishe. Yule wa pili alishusha SELinux, tovuti ikafunguka, akasema tayari. Mpaka hapo kila mmoja alikuwa amefuata maandishi ya cheti chake, na nusura nifunge daftari.

Swali la pili halikuwa na mashine. Nikasema: tovuti imehamishiwa kwenye seva mpya yenye anwani mpya. Tangu asubuhi baadhi ya wateja wanaona tovuti mpya, wengine bado wanaona ya zamani. Utaanzia wapi? Mwenye cheti cha vitendo akaanza kutaja vitu vya kukagua ndani ya seva mpya: huduma, ukuta wa moto, kumbukumbu. Vyote ni vizuri, lakini wateja waliolalamika hawakuwa wakiifikia seva hiyo hata kidogo. Yule wa kuchagua majibu akachukua kalamu akachora njia: kompyuta ya mteja, seva ya majina ya mtoa huduma wake, seva ya majina yetu. Akasema rekodi ya zamani bado imehifadhiwa huko katikati mpaka muda wake wa kuishi uishe, akauliza TTL ilikuwa sekunde ngapi kabla ya kuhama, na kwa nini hatukuishusha siku iliyotangulia. Ndivyo ilivyokuwa. TTL ilikuwa sekunde 86,400, siku nzima.

Hakuwa amebahatisha. Mtihani wa kuchagua wenye maswali 60 ndani ya dakika 90 unaweza kugusa mada nyingi mno: majina, barua pepe, saa ya mfumo, uchapishaji, usalama. LPIC-1 ina mitihani miwili ya namna hiyo, 101 na 102. Maabara ya saa kadhaa inabeba kazi chache, na zote ziko ndani ya mashine walizokupa. Zaidi ya hapo, ziko kwenye bidhaa ya kampuni moja. Mtu anaweza kuwa hodari wa kila kitu kilichomo kwenye EX200 na asijue kilichopo nje ya ukuta wa mashine yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. (Tulimwajiri nani? Yule wa vitendo, kwa kuwa nafasi ilikuwa ya zamu za usiku. Yule wa pili tulimwita miezi mitano baadaye kwa kazi nyingine, akaja.)

Kuna jambo jingine ambalo waajiri wengi hawalijui, nalo linakuhusu. Kufaulu maabara kunasema mengi, lakini kuifeli kunasema machache. Ukikosea mstari mmoja kwenye `/etc/fstab`, mashine ikiwashwa upya inaweza kuishia kwenye hali ya dharura bila kufika mwisho. Kama haikuwaka, hakuna cha kusahihisha, na kazi nyingine ulizofanya vizuri kwenye mashine hiyo zinazama pamoja nayo. Kiwango cha kufaulu ni 210 kati ya 300, na kosa moja la herufi linaweza kukutoa juu yake hadi chini kabisa. Kwenye mtihani wa kuchagua, swali ulilokosa halivuti jirani yake. Kwa hiyo mtu akiniambia amefeli EX200 mara moja, simhesabii kitu. Namuuliza nini kilitokea baada ya kuwasha upya. Mara nyingi analijua kosa lake vizuri, na maelezo yake yananisaidia kuliko cheti.

Nikiuliza hivyo nakuwa mwangalifu, nawe uwe. Watahiniwa hukubali kutotoa maswali ya mtihani. Mwajiri mwenye busara atakuuliza unavyokagua kazi yako au ulijiandaaje, hatakuuliza ulipewa kazi gani. Anayeanza kunimwagia maswali aliyoyakuta chumbani ameniambia jinsi atakavyozitunza nywila zetu.

Wala maabara hazina kinga dhidi ya kukariri. Kazi za vitendo nazo huvuja, na kuna watu wanaofanya kazi ileile mara hamsini mpaka vidole vinakwenda vyenyewe. Huyo ni rahisi kumgundua: badilisha kitu kimoja. Mwambie faili la mipangilio limehamishwa, au kurasa za tovuti ziko `/srv/tovuti` badala ya `/var/www/html`. Aliyeelewa atajua kwamba sasa tatizo la SELinux limehama kutoka lebo ya poti hadi lebo ya faili, na atakwenda kwenye `semanage fcontext` na `restorecon`. Aliyekariri ataandika tena amri za poti na kushangaa.

Sasa, anayesoma wasifu wako si mimi peke yangu. Kabla haujanifikia unapita kwa mtu wa rasilimali watu mwenye orodha ya maneno, na kwake "LPIC-1" na "RHCSA" ni herufi tu zilizomo au hazimo kwenye tangazo. Hapo ugumu wa mtihani hauna uzito wowote. Kuna pia mahali ambapo cheti ni sharti la kanuni: Security+ ya CompTIA, ambayo sehemu yake kubwa ni ya kuchagua na ina maswali machache ya kuigiza kazi, imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa vyeti vinavyokubaliwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani kwa baadhi ya kazi za usalama wa mifumo. Anayeajiri huko hasomi ishara yoyote, anajaza kisanduku. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwako hauna ufundi: kusanya matangazo ishirini ya kazi unazozitaka kweli, hesabu ni mangapi yanataja kila cheti. Kama RHCSA imetajwa mara kumi na LPIC mara moja, mjadala wetu umekwisha kabla haujaanza.

Angalia na tarehe. Jina la cheti linaweza kubaki lilelile huku mtihani ukibadilika chini yake. AWS waliweka sehemu ya maabara kwenye mtihani wa msimamizi wa mifumo, SysOps, mwaka 2021, wakaiondoa Machi 2023. Watu wawili wenye cheti chenye jina moja, mmoja alifanya kwa mikono na mwingine alichagua majibu, na usipoandika mwaka mwajiri hawezi kukutofautisha. RHCSA hudumu miaka 3, LPIC-1 miaka 5. Kwenye wasifu andika jina la cheti, mwezi na mwaka, toleo la mfumo uliofanyia mtihani, na namba ya kuhakiki. Red Hat na LPI wote wana ukurasa ambapo mwajiri anaingiza namba na kuona kama cheti ni hai. Wachache huweka namba hiyo, na binafsi naikagua kila ninapoiona.

Kwa hali yako wewe, ningechagua RHCSA. Miaka miwili ya dawati la msaada imeshakupa upana ambao LPIC-1 ingeuthibitisha. Umeshashughulikia majina, barua pepe, printa na watumiaji wenye hasira. Asichokiamini mwajiri kuhusu mtu wa dawati la msaada ni kwamba anaweza kuachwa peke yake na seva, na shaka hiyo maabara inaijibu moja kwa moja. Kuna na suala la mfuko: LPIC-1 ni mitihani miwili, unalipia kila mmoja. Ila ukiwa unajiandaa, pakua orodha ya mada za LPIC-1, ipo wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya LPI, na ipitie kama ramani. Popote utakapokuta mada usiyoweza kuieleza kwa sentensi tatu, soma. Hivyo utaingia kwenye usaili wangu na majibu ya maswali yote mawili.

Mazoezi yafanye kwenye mashine pepe mbili, si moja. Watu hujipima kwa `curl http://localhost:8404` ndani ya seva yenyewe, inajibu, wanafurahi. Ombi hilo halikupita kwenye ukuta wa moto, kwa hiyo halijathibitisha chochote kuhusu poti uliyofungua. Pima kutoka mashine ya pili. Jiwekee saa 3, fanya kazi zako zote, kisha andika `reboot` na usiguse chochote mpaka mashine irudi. Halafu kagua:

```
getenforce
systemctl is-enabled httpd
firewall-cmd --list-ports
findmnt --verify
```

Hiyo ya mwisho inasoma `/etc/fstab` na kukuonyesha mistari yenye kasoro. Kwenye mazoezi iendeshe pia kabla ya `reboot`, kisha ufuatishe `mount -a`. Zote mbili zikimaliza bila kulalamika, washa mashine upya. Ukianza kufaulu mara tatu mfululizo bila kurekebisha kitu baada ya kuwasha upya, lipia mtihani.